Kipengele cha 14

Mwanangu Neema,

Nimeusoma mkataba wako wa mahema mara mbili jana usiku, stima iliporudi. Kwa bei sina neno. Kinachonisumbua ni kipengele cha 14, kile ulichosema umekiruka kwa kuwa ni Kifaransa cha mawakili. Force majeure ni Kifaransa kweli, na tafsiri yake ni nguvu kubwa zaidi, yaani ile inayomshinda binadamu hata akijitahidi vipi. Ikikuzuia kutimiza mkataba, hudaiwi fidia.

Ufaransa jambo hili limo ndani ya sheria ya kiraia, hivyo hata mkataba ukinyamaza mtu ana pa kushika. Sisi tulirithi sheria ya Waingereza: kinga hii huipati isipoandikwa, na hakimu huangalia maneno yenyewe yaliyoandikwa. Kwa kawaida hutajwa vita, ghasia, mafuriko, tetemeko la ardhi, moto, mlipuko wa ugonjwa na amri ya serikali. Migomo pia, ingawa ule wa wafanyakazi wako mwenyewe mara nyingi huondolewa. Bidhaa kupanda bei, au kuishiwa pesa, hakumo. Hiyo ni hasara ya biashara.

Sasa sikia yaliyonipata mwaka 2024. Nilikuwa nimeahidi shule moja madawati 60 kabla ya muhula kuanza. Mwishoni mwa Aprili mto ukaingia karakana, mbao za chini zikavimba kama mkate uliotiwa chai. Mkataba ulitaja mafuriko, kwa hiyo nikalala usingizi. Nikampigia mhasibu wao simu, akanipa pole, nikadhani yameisha. Kumbe mkataba ulitaka taarifa ya maandishi ndani ya siku 7, nami niliandika siku ya 19. Tena mbao za madawati 40 zilikuwa dari ya juu, kavu kabisa. Wakaniuliza: haya 40 yalizuiwa na nini? Sikuwa na jibu, maana kweli niliyaacha nikihangaika na matope. Janga lazima liwe ndilo lililokuzuia, si kwamba lilitokea tu wiki hiyohiyo. Walinikata fidia ya kuchelewa kwa madawati yote. Kwa yale 20, nilijikata mwenyewe kwa kutoandika barua.

Rudi kwako. Orodha yako ina vita na tetemeko la ardhi, lakini haina upepo mkali wala mafuriko, nawe unakodisha mahema! Usitegemee yale maneno ya mwisho, "na matukio mengine ya aina hiyo". Mtabishana hadi mzeeke. Mwambie unayeingia naye mkataba aongeze hayo mawili. Halafu aandike malipo ya awali yatakwenda wapi sherehe ikizuiwa, kwa sababu kipengele kinasema tu kwamba hakuna atakayelaumiwa. Usitie sahihi Ijumaa kabla hajarekebisha.

Baba yako