Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Arusha: chanjo ya kichaa cha mbwa na kadi ya bima

Ndugu Mganga Mkuu,

Huku Kikatiti mbwa mmoja aliwauma watoto wawili siku moja, mpwa wangu na mtoto wa jirani. Wote walitoka damu. Tuliosha majeraha kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15, kisha tukawakimbiza mjini. Dirishani tukaambiwa kadi ya bima haigusi chanjo ya kichaa cha mbwa, tulipe taslimu, kila kichupa shilingi 30,000. Seramu ya kuchoma kwenye jeraha lenyewe haikuwepo. Kila mtoto akafunguliwa kichupa chake, akachomwa msulini, akapangiwa sindano tatu zaidi. Jumla vichupa 8, yaani shilingi 240,000. Baba wa yule mwingine ni kibarua wa shambani. Siku ya sindano ya tatu ilipofika hakuwa na kitu, mwanawe akachelewa mpaka majirani tulipochanga.

Ndugu yangu, haikupaswa kufika huko. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza chanjo hiyohiyo ichomwe ndani ya ngozi: mililita 0.1 kwenye kila mkono wa juu, siku ya kwanza, kisha siku ya 3 na ya 7 baada ya hapo, imekwisha. Mtoto mmoja anatumia mililita 0.2 tu kwa siku, na kichupa cha mililita 0.5 kinawatosha wawili. Watoto wetu wangemaliza kwa vichupa 3, shilingi 90,000 kwa wote.

Wauguzi wako hawahitaji kuanza upya. Ni ujuzi uleule wanaotumia kuchoma BCG kwa vichanga: ngozi ikivimba kidonge kidogo, dawa imekaa mahali pake, isipovimba imezama, na dozi hiyo inarudiwa. Kikwazo cha kweli ni kichupa kilichofunguliwa. Kinatakiwa kikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kisizidi saa 6 hadi 8. Zahanati inayopata majeruhi mmoja itamwaga kilichobaki, lakini hata hapo mgonjwa anatumia vichupa 3 badala ya 4. Majeruhi wakipelekwa kwenye vituo vichache vinavyojulikana, kumwaga kutapungua.

Kuhusu bima, kurudishiwa fedha baadaye kwa risiti hakumsaidii asiye na fedha siku ya kuumwa. Virusi vikishafika kwenye ubongo na dalili zikaanza, hospitali haina la kufanya. Naomba uwasimamie wanaohusika na bima mkoani walipe kituo moja kwa moja, tena kwa tiba nzima ya siku zote tatu, si kwa kichupa. Kituo kikilipwa kwa kichupa, kitaendelea kufungua kimoja kwa kila mtoto.

Naomba pia kila kituo chenye chanjo kibandike bei na ratiba mlangoni, na utaje hadharani ni vituo gani vya Meru, Arusha na Monduli vitaanza kuchoma ndani ya ngozi, na lini.

Mkazi wa Kikatiti