Nimeshinda, nimelipwa pungufu ya dau langu: nataka pesa zangu

Nakuru, Julai 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: TIKETI YA KAMARI YA MECHI YA LIVERPOOL NA SOUTHAMPTON, MACHI 8, 2025

Bwana Meneja,

Salamu. Nitajitahidi kuandika kwa heshima, ingawa heshima ndiyo niliyonyimwa kwenye dirisha lenu.

Tiketi hiyo mnayo. Dau shilingi 20,000, mechi moja, Liverpool kushinda nyumbani, odi 1.15. Liverpool walitanguliwa kabla ya mapumziko, wakarudi wakashinda 3-1. Karatasi mliyonichapia wenyewe iliandika malipo ya 23,000. Jumatatu nikaja kuchukua changu, nikahesabiwa 19,040.

Nilimwambia yule kijana wa dirishani kwamba nilitoa elfu ishirini na timu yangu imeshinda, vipi narudishiwa elfu kumi na tisa? Akanijibu, "Mzee, umeshinda, sasa unataka nini tena?" Msimamizi wake akatoka ndani, wala hakuniuliza nina shida gani. Akasema watu wote wakisikia, "Kama hesabu inakusumbua, ucheze jackpot." Vijana waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko.

Basi na tuifanye hiyo hesabu. Msiniambie tena kwamba "kodi ni agizo la serikali", kama mlivyonijibu kwa ujumbe mfupi. Hilo nalijua. Najua ushuru wa dau ulikuwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, ukafika 15 kuanzia Desemba 27, 2024. Najua pia kulikuwa na kodi ya zuio ya asilimia 20 kwenye ushindi. Ninacholalamikia ni mlichofanya ninyi na odi mliyoniuzia.

Kodi mbili hizo hazifanani hata kidogo, na ninyi mnalijua hilo kuliko mimi. Kodi ya ushindi hungoja mtu ashinde, kisha huchukua sehemu ya faida tu. Ingekuwa hiyo peke yake, 20,000 zangu zingezaa 23,000, faida 3,000, serikali ikachukua 600, nami nikaondoka na 22,400. Ningepata kidogo, lakini ningepata. Kodi ya namna hiyo haiwezi kumfanya mshindi aondoke na hasara, hata odi iwe ndogo vipi.

Kodi ya dau hukatwa mpira haujaanza kuchezwa. Ushinde au ushindwe, imeshakwenda. Dirisha lenu lilitoa asilimia 15 kwenye 20,000 zangu, zikabaki 17,000, na hizo ndizo zilizocheza. Mara 1.15 ni 19,550. Hapo tayari niko chini ya nilichotoa, na bado mkasema nina "faida" ya 2,550, mkaikata asilimia 20, yaani 510. Ndiyo hiyo 19,040. Gawanya kwa 20,000 nilizotoa mfukoni: odi halisi niliyonunua ilikuwa 0.95. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayenunua odi ya 0.95. Ndiyo maana haikuandikwa ukutani.

Kwa hesabu hiyo ya dirishani, odi yoyote iliyokuwa 1.22 au chini yake ilikuwa hasara ya uhakika hata timu ishinde. Mliziuza kila wikendi. Hata odi ya 2.00, ambayo kila mchezaji anaamini inamrudishia maradufu, ilikuwa 1.53 tu ukishatoa kodi zote mbili. Mtu anayedhani akishinda mara 50 katika 100 pesa yake imerudi, kumbe alihitaji kushinda zaidi ya mara 65.

Sasa jambo ambalo hamjalijibu hadi leo. Rafiki yangu aliweka mechi ileile, odi ileile, dau lilelile, kwa programu yenu ya simu. Yeye alilipwa 19,478.26. Simu ilikuwa inagawanya dau kwa 1.15, likabaki 17,391.30, yaani asilimia 15 ilihesabiwa juu ya dau lililobaki. Dirisha lilikuwa linatoa asilimia 15 kwenye pesa yote niliyotoa. Kampuni moja, sheria moja, ushuru mmoja, na tofauti ya shilingi 438.26 kwa tiketi zinazofanana. Serikali haikuwaagiza kuwa na hesabu mbili. Je, hizo 438.26 zilipelekwa KRA au zilibaki kwenu? Nataka jibu lenye stakabadhi.

Nikirudi kwa siku ile, kwa sababu haijanitoka. Noti alizihesabu vizuri. Zile shilingi arobaini, sarafu mbili za ishirini, alizisukuma kwa kidole chini ya kioo, moja ikaanguka na kubingirika hadi kwenye miguu ya watu. Nikainama kuiokota, na ni hapo, nikiwa nimeinama, ndipo msimamizi wenu aliposema yale maneno ya hesabu na jackpot. Kicheko kile kilinikuta nikiwa chini. Nilipoinuka, tiketi yangu ilikuwa imeshagongwa muhuri na kutupwa ndani ya kisanduku, nikakataliwa hata kuipiga picha. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Sijawahi kutukanwa hivyo na mtu niliyempa pesa zangu mwenyewe.

Kuanzia Julai 1 sheria imebadilika: asilimia 5 unapoweka pesa kwenye pochi ya simu, asilimia 5 unapozitoa, basi. Nimepiga hesabu ya tiketi yangu kwa utaratibu huu. 20,000 zinakuwa 19,000, mara 1.15 ni 21,850, na ukitoa zote unabaki na 20,757.50. Tiketi ileile ingenipa faida. Lakini hata sasa skrini zenu zinaonyesha odi tupu, na anayeweka pesa akaghairi kucheza akazitoa anarudi na 902.50 kwa kila elfu. Hilo nalo hamlisemi popote kabla mtu hajabonyeza.

Nilipowaandikia mara ya kwanza niliomba 438.26 tu. Kuhusu hizo mlinyamaza. Sasa nataka shilingi 960 zote zilizopungua kwenye dau langu, kwa kuwa karatasi yenu iliniahidi 23,000 bila kutaja kodi yoyote. Nataka barua ya kuniomba radhi iliyotiwa sahihi na msimamizi yule. Nataka pia kila aliyelipwa kwa hesabu ya dirishani, kuanzia Desemba 27 hadi Juni 30, arudishiwe tofauti yake. Kumbukumbu za tiketi mnazo, hamhitaji mtu aje na karatasi.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi bidhaa au huduma anayonunua. Nikifika siku 14 bila jibu, nitapeleka nakala ya barua hii kwa mdhibiti wa kamari anayewapa leseni, nyingine kwa KRA pamoja na hesabu zote mbili, kisha nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo. Huko sitadai 960. Nitadai 23,000 mlizochapa, pamoja na gharama. Rafiki yangu amekubali kuja na ujumbe wa malipo yake kwenye simu, na wawili kati ya wale vijana waliokuwa kwenye foleni wamekubali kutoa ushahidi wa yaliyosemwa.

Wenu,
Mteja wa tawi la Nakuru
(jina na nambari ya tiketi vimo kwenye bahasha)