Mtangazaji wenu aliongea na ukuta

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa kijana na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu ya ile hadithi fupi mliyoichapa, ya binti mtangazaji anayebaki peke yake studio wakati wa dhoruba, umeme unakatika mji mzima, naye anawasha mshumaa, anaunganisha betri ya pikapu ya meneja na kuendelea kutangaza mpaka alfajiri. Wake za watu hapa mtaani wamelia. Mwanangu aliisoma kwa sauti mezani na mimi nikaacha chakula. Nimefanya kazi ya fundi mitambo wa redio ya FM hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, kwa miaka 19, na nawaambia kwamba binti yule, jinsi alivyoandikwa, hakusikika na mtu yeyote usiku ule. Aliongea na ukuta.

Nianze na betri, maana ndiyo iliyonichoma kwanza. Betri ya kawaida ya gari ni ya volti 12 na ampea-saa kama 60. Zidisha, unapata wati-saa 720. Lakini betri ya gari, ya madini ya risasi na asidi, haimalizwi yote. Ukishavuka nusu unaiua, na volti zinashuka mpaka inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, inajizima yenyewe. Kwa hiyo una wati-saa 360 za kutumia. Transmita inayotoa wati 1,000 angani hula kama wati 1,600 kutoka kwenye soketi, kwa sababu sehemu kubwa inapotea kama joto. Gawanya 360 kwa 1,600. Ni dakika 13, na hapo sijatoa kinacholiwa na inveta yenyewe. Binti yenu alitangaza kuanzia saa tatu usiku hadi jogoo walipowika.

Tena betri ile aliiunganisha studio, mjini. Studio na transmita haviko pamoja! Kwa redio nyingi za kwetu, studio iko mjini karibu na barabara, na transmita iko kilimani chini ya mlingoti. Sauti inasafirishwa kutoka studio kwenda kilimani kwa mtambo mdogo wa kiungo wenye antena yake, nao unahitaji umeme huku na kule. Umeme ukikatika mji mzima na kilima chote, waweza kuwasha studio kwa betri kumi, lakini kama jenereta ya kilimani haikuwaka, hakuna kinachotoka.

Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe vizuri, kwa sababu yamenikuta. Ilikuwa mwezi wa nne, miaka kumi na kitu iliyopita. Mvua kubwa ilianza jioni. Nilikuwa nyumbani, redio yangu ndogo ya betri mbili iko dirishani kama kawaida, nikimsikiliza kijana wetu wa zamu. Saa mbili na dakika kumi usiku umeme ukaenda. Redio yangu, sauti ya kijana ikakatika pale pale, ikaanza kuvuma: shaaa. Nikangoja jenereta ya kilimani ishike, maana huchukua chini ya dakika moja. Nikangoja dakika tano. Shaaa. Nikapiga simu ya studio, haiiti. Nikapiga ya kijana, inaita haipokewi, kwa sababu kanuni ya studio ni simu kuzimwa mlio. Nikachukua koti na redio yangu, nikatoka kwenye mvua nikatafuta boda.

Nilipoingia nilimkuta yuko kazini kweli kweli. Tochi ameisimamisha juu ya meza inamulika dari, jasho linamtoka, anasoma kwa sauti ya utulivu kabisa kwamba Mto Manafwa umefurika upande wa Butaleja, watu wasijaribu kuvuka usiku. Mshale wa sauti kwenye mikisa, meza ya kuchanganyia sauti, unacheza vizuri. Hedifoni amevaa na anajisikia vizuri. Kile kisanduku cha betri cha chini ya meza kilikuwa kinabeba mikisa, kompyuta na mtambo wa kiungo, vyote pamoja havifiki wati 250, basi kwake yeye taa tu ndizo zilizokuwa zimezimika. Nilitoa redio yangu mfukoni, nikaiweka mbele yake juu ya karatasi aliyokuwa akiisoma, nikaongeza sauti. Shaaa. Aliitazama ile redio, akanitazama mimi, akavua hedifoni polepole akaziweka chini. Alikuwa ameongea dakika 40. Sijamsahau uso wake.

Mhariri, hedifoni za mtangazaji zinapata sauti kutoka kwenye mikisa iliyo mbele yake. Hazipati kutoka hewani isipokuwa mtu amezifungia hivyo. Ndiyo maana mtangazaji anaweza kujisikia vizuri usiku kucha na nchi nzima isimsikie. Kitu pekee kinachoweza kumwambia ukweli ni redio ya kawaida, ya betri, iliyofunguliwa kwenye masafa ya kituo chake, kwa sauti ya chini ili isirudi kwenye kipaza sauti. Na redio hiyo ina lugha mbili ambazo kila mtangazaji angepaswa kuzijua kabla ya kufundishwa kusoma habari. Ikivuma shaaa, transmita haitoi kitu, tatizo liko kilimani. Ikiwa kimya, kimya safi kama chumba kilichofungwa, transmita inafanya kazi lakini sauti haiifikii, tatizo liko studio au kwenye kiungo. Ukijua tofauti hiyo unajua umpigie nani simu. Binti wa hadithi yenu hakuwa na redio. Ana mshumaa, ana picha ya marehemu baba yake, ana betri ya pikapu, lakini redio hana!

Nimalize ya usiku ule. Nilimpigia mlinzi wa kilimani. Akasema jenereta inanguruma vizuri ila transmita ina taa nyekundu. Nikamwomba aiwashe upya na anisomee namba mbili kwenye uso wake, nguvu inayokwenda kwenye antena na nguvu inayorudi. Siku ya kawaida tukituma wati 1,000 zilikuwa zinarudi chini ya 10. Alinisomea 150, halafu ikajizima tena akiwa bado anasoma. Hapo nikajua maji yameingia pale kebo inapounganishwa na antena. Utepe wa mpira uliofungwa pale ulikuwa umepasuka kwa jua, na mimi ndiye niliyetakiwa kuukagua kabla ya masika. Nguvu isiyopata njia ya kutoka inarudi kwenye transmita, nayo inajizima isiungue.

Nikamwambia aishushe hadi wati 100. Maji bado yapo, lakini sasa zinarudi kama 15, na mtambo unavumilia. Watu wengi, na bila shaka mwandishi wenu, watadhani wati 100 badala ya 1,000 maana yake redio inafika sehemu moja ya kumi ya safari. Sivyo. Ishara inapungua kama mara tatu tu, kwa hiyo mji wote na vijiji vya karibu walitusikia. Kijana akavaa hedifoni, redio yangu kando yake, akarudia tangazo la mto tangu mwanzo, mara nne. Hata betri ya pikapu ingekuwa na maana hapo, kilimani, kwa wati 100: ingeweza kwenda saa moja na kitu. Hiyo ndiyo hadithi iliyokuwepo ya kuandikwa na hamkuiandika. Kupanda mlingoti kufunga utepe mpya nilingoja mpaka kesho yake mchana, anga ikiwa nyeupe.

Katika zile dakika 40, kijana wa boda wa jirani yangu alikuwa njiani anarudi kutoka Butaleja na magunia mawili ya mchele. Aliingia kwenye maji akidhani ni yale ya siku zote. Pikipiki ilikwenda, mchele ulikwenda, yeye alitolewa na mguu umevunjika mara mbili. Nilipomtembelea aliniambia, "Mzee, redio ilikuwa inakoroma tu, nikaizima."

Na kuna jambo jingine kwenye hadithi ile, ambalo ni baya kuliko betri. Ukurasa wa pili, binti anawatuliza wasikilizaji na kuwaambia walio njiani wajikinge chini ya mwembe wa shule mpaka radi ipite. Mhariri, mliliachaje hili? Sisi ni watu wa Tororo. Vitabu vya rekodi vinautaja mji wetu kwa wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, kati ya 1967 na 1976. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo, kwa pigo moja. Novemba 2024 iliua watu 14 katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, Lamwo. Mti mrefu ndio unaoiita radi, na ikishuka kwenye shina inaruka kwenda kwa aliyesimama kando yake. Baraza la wazi halifai, kibanda cha nyasi hakifai. Kinachofaa ni jengo kamili lenye nyaya na mabomba ndani ya kuta, au gari lenye bodi ya chuma vioo vikiwa vimefungwa. Ukiona mmweko, hesabu. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Usipofika 30 kabla ya mngurumo, iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukupiga wewe. Ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho. Mtangazaji mwenye kipaza sauti usiku wa dhoruba angesema maneno haya matano au sita na kuyarudia. Wa kwenu alituma watoto chini ya mwembe, na gazeti hili linasomwa mashuleni, ambako madarasa mengi hayana kinga ya radi hata moja. Nimezunguka shule za karibu na kwangu nikitazama mapaa. Nimeona moja tu yenye fimbo ya shaba, na waya wake wa kwenda ardhini umekatwa na wauza vyuma chakavu.

Ninachoomba si kikubwa. Toleo lijalo, kwenye ukurasa uleule wa hadithi, chapeni kwamba mwembe si kinga ya radi, kwa herufi za ukubwa uleule mliotumia kwa hadithi. Na mwandishi akitaka kuiandika upya, aje. Nitamkalisha studio usiku mmoja wa mwezi wa nne, nitamwonyesha mahali pa kuitundika redio ya betri mbili kwa kamba, upande wa kushoto wa mikisa, ambapo mkono unaifikia gizani, na atabadilisha betri zake mwenyewe, kwa sababu tunazibadilisha kila tarehe mosi, ziwe zimekwisha au hazijakwisha.

Fundi mitambo mstaafu,
Tororo