Linki ya mzigo inanirusha Play Store na apu ninayo

Kwa huduma kwa wateja,

Mimi hutengeneza simu hapa Kondele, Kisumu, na vioo vyangu huletwa na nyinyi kutoka Nairobi. Vioo hufika vizima, hapo sina neno. Shida ni ile linki mnatuma kwa meseji mzigo ukifika ati nibonyeze nithibitishe nimepokea. Nikibonyeza inafungua brauza, ukurasa mweupe unazunguka kidogo halafu narushwa Play Store. Na apu ninayo! Play Store yenyewe inaniandikia Open, sio Install, nikiguza hiyo Open napelekwa mwanzo wa apu, mzigo siuoni, naanza kutafuta namba yake kwa meseji huku mtu wa boda amewasha pikipiki ananiangalia vibaya.

Nikiwapigia mnasema nitoe apu niweke tena. Nimetoa, nimeweka, ni yale yale.

Sasa kwa vile simu ndio kazi yangu nikachungulia. Simu yangu nzee ya Android 11 huniuliza nifungue na brauza ama na apu, lakini hii mpya haiulizi, na hapo ndio nilishuku. Tangu Android 12 itoke 2021, apu isipothibitishwa kuwa hiyo tovuti ni yake, linki inaenda brauza moja kwa moja. Nikaweka kebo nikaandika hivi (jina la apu nimebadilisha):

```
adb shell pm get-app-links com.mfano.mizigo
```

Mbele ya tovuti yenu ikatoa `1024` pahali palifaa kuwa `verified`. Nikafungua faili yenu ya `/.well-known/assetlinks.json`, ipo, jina la apu ni sawa, lakini alama ya SHA-256 iliyo hapo si ya cheti kilichosaini apu iliyo kwa simu yangu, nimelinganisha. Naona mafundi wenu waliweka alama ya ule ufunguo wa kupandishia apu, na mkitumia Play App Signing, Google huisaini upya na ufunguo mwingine kabla itufikie. Kwa simu ya fundi aliyejijengea apu mwenyewe akaisaini na ule ufunguo wa kupandishia, linki itafanya poa tu, labda ndio maana mnaniambia kwenu haina shida.

Ingieni Play Console, chukueni alama ya app signing key muiongeze kwa hiyo faili, ile ingine inaweza kubaki. Kisha mtoe apudeti, maana simu huangalia faili wakati apu inawekwa ama inaapudetiwa.

Na yule hana apu kabisa, akishamaliza kuinstoo naye anatupwa mwanzo. Wekeni namba ya mzigo kwa `referrer` ya linki ya Play Store, apu iisome ikifunguliwa mara ya kwanza impeleke kwa mzigo wake.

Kwa sasa nimeingia settings, Open by default, nikaongeza tovuti yenu kwa mkono, lakini mama wa duka hapa jirani hawezi jua hayo. Naomba nijibiwe na fundi, sio tena yule wa toa-uweke.

Mteja wenu, Kondele