Theluthi moja ya mshahara isiwe maficho ya kukwepa mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hii mambo ya korti kukata watu mshahara, maana huku mitandaoni watu wanabishana tu na wengi wanaamini korti inaweza kukomba mshahara wote ubaki na nauli. Haiwezi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote yakijumlishwa yasipite theluthi mbili ya mshahara, na amri ya korti inahesabiwa humo humo pamoja na ushuru na loni.

Mimi kazi yangu ni kutayarisha mishahara na shida naiona hapa. Chukua baba anayelipwa 60,000, hakuna marupurupu. Mwisho wa kumkata ni 40,000. Ushuru, NSSF, SHIF na ile ya nyumba tuseme zinakula 14,700, halafu kuna loni ya sako 18,000 aliyoisaini mwenyewe. Imebaki nafasi ya 7,300 tu, na ndipo inaingia amri ya korti akatwe 12,000 za matunzo ya mtoto. Ofisi nyingi zinachofanya ni kumwacha sako alivyo na mtoto anapewa kilichobaki, na baba anatoka hapo akitabasamu eti sheria imemlinda.

Haijamlinda hivyo anavyofikiria. Kile kifungu kinamfunga mwajiri asikate zaidi, lakini hakifuti deni, na kimesema wazi kwamba haki ya anayedai iko pale pale. Zile 4,700 zisizokatwa kila mwezi bado anadaiwa, mwaka ukiisha ni 56,400, na mama anaweza kurudi kortini kuzidai kwa njia nyingine.

Lakini kina mama nao wajue, amri inayosema tu baba alipe haitufikii sisi wa mishahara. Sisi hatuwezi kumkata mtu kwa sababu mkewe wa zamani amepiga simu ofisini akilia (na wanapiga, wallahi). Lazima korti itoe amri ya kukata mshahara na mwajiri apelekewe. Na kesi ikiwa bado inasikizwa, omba aonyeshe peislipu za miezi kadhaa sio moja, uangalie ile loni ilianza lini, kuna watu wakishaona samansi tu wanakimbilia sako kujaza peislipu. Kama loni ni ya zamani na kweli amebanwa, basi aombe korti impunguzie kiwango, asinyamaze.

Kwa wenzangu wa ofisi za mishahara, ombi langu ni dogo. Amri ya korti ikishaingia, mfanyakazi akileta fomu ya loni mpya muipigie hesabu kwanza na pesa ya mtoto ikiwa ndani, na isipotosha msimpigie muhuri.

Karani wa mishahara,
Mombasa