Kanuni ya upana wa soko inanitoa kwenye hisa soko linapogeuka: nifanyeje?

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu,

Naandika kuomba ushauri kuhusu kanuni ninayoitumia kuamua ni kiasi gani cha akiba yangu kiwe kwenye hisa na ni kiasi gani kikae kwenye hati za hazina za muda mfupi. Ninaishi Minnesota, Marekani, na akiba ninayoizungumzia imo kwenye akaunti ya kawaida ya uwekezaji, si ya pensheni. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu ya kodi, kama nitakavyoeleza. Upande wa hisa naweka fedha kwenye mfuko mmoja tu, SPY, unaofuata fahirisi ya S&P 500.

Kila Ijumaa baada ya soko kufungwa, natazama ni asilimia ngapi ya kampuni zilizomo kwenye fahirisi zimefunga juu ya wastani wa bei zao za siku 50 za soko, yaani takriban wiki kumi. Namba hiyo, inayoitwa upana wa soko, hupatikana ikiwa tayari imekokotolewa kwenye programu za chati kwa alama ya `$SPXA50R`. Ikifika 60 au zaidi, fedha zote huingia kwenye mfuko. Ikishuka hadi 20 au chini yake, zote hutoka. Na ikiwa katikati, sehemu ya kuweka sokoni hupanda na kushuka kulingana na asilimia hiyo, ninayoiita uwiano na kuiandika u:

```
sehemu = min(1, max(0, (u - 20) / 40))
```

Tuchukue akaunti ya dola 20,000, na tuache kwanza mabadiliko ya bei ya mfuko wenyewe. Uwiano ukisoma 46, sehemu ni 0.65, basi dola 13,000 zinakuwa kwenye mfuko na 7,000 kwenye hati za hazina. Wiki inayofuata uwiano ukishuka hadi 38, sehemu inakuwa 0.45, nami nauza za dola 4,000. Wiki ya tatu ukipanda hadi 52, sehemu inakuwa 0.80, nami nanunua za dola 7,000. Hakuna kubahatisha wala kubishana na nafsi, na hilo ndilo lililonivutia.

Mantiki yake bado naiona kuwa ya kweli. Fahirisi inaweza kuonekana imesimama imara huku kampuni nyingi ndani yake zikiwa zimeshaanza kuporomoka, kwa sababu chache kubwa zinaibeba. Kuhesabu kampuni moja moja hufichua udhaifu huo mapema. Shida imeanza nilipoipitisha kanuni hii kwenye miaka michache iliyopita, tarehe kwa tarehe, nikaona kwamba makosa yake si ya ovyo ovyo bali yana mpangilio.

Mfano wa kwanza ni mwaka 2020. Fahirisi ilifunga 3,386.15 tarehe 19 Februari, kisha ikaanguka hadi 2,237.40 tarehe 23 Machi. Kufikia wakati huo, kampuni zilizokuwa juu ya wastani wao zilikuwa chini ya asilimia 5, kwa hiyo kanuni ilikuwa imeshatoa kila kitu. Hadi hapo sina malalamiko, kwani sehemu kubwa ya anguko ingeniepuka. Lakini tarehe 8 Aprili fahirisi ilifunga 2,749.98, zaidi ya asilimia 22 juu ya kile kima cha chini, na bado kanuni haikuwa na sababu ya maana ya kurudi. Wastani wa siku 50 ulikuwa ungali umebeba bei za Februari, nao kwa fahirisi yenyewe ulikuwa karibu na 2,900. Bei ilikuwa inapanda kwa kasi chini ya wastani uliokuwa ukishuka taratibu, na kampuni nyingi zilikuwa katika hali hiyo hiyo. Kisha mwanzoni mwa Juni mambo yakageuka kabisa: zile bei za juu za Februari zilikuwa zimeshatoka kwenye dirisha la siku 50, wastani ukawa umejaa bei za Aprili na Mei, na zaidi ya asilimia 90 ya kampuni zikasomeka kuwa juu. Kanuni ingekuwa imejaza akaunti, ingawa tarehe 8 Juni fahirisi ilikuwa 3,232.39, yaani bado chini ya kilele cha Februari.

Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba uwiano huu haupimi kama soko lina afya. Unapima bei ya leo dhidi ya wiki kumi zilizopita, na kama wiki hizo zilikuwa mbaya mno, ni rahisi kila hisa kuonekana nzuri.

Agosti 2022 ni kinyume chake, na kwangu mimi ndio mfano unaosumbua zaidi. Soko lilikuwa linashuka tangu kilele cha 4,796.56 cha tarehe 3 Januari, likapata nafuu wakati wa kiangazi, na katikati ya Agosti kampuni zilizokuwa juu ya wastani wao zikapita asilimia 90. Wachambuzi wengi walisema wakati ule kwamba usomaji mkubwa namna hiyo ni dalili ya soko lililokwisha kugeuka. Fahirisi ilifunga 4,305.20 tarehe 16 Agosti, kisha ikashuka karibu asilimia 17 hadi 3,577.03 tarehe 12 Oktoba. Kanuni yangu ingeingia kwenye anguko hilo ikiwa imejaa, na ingeanza kupunguza baada ya uwiano wenyewe kuporomoka, yaani kwa bei ambazo tayari zilikuwa za chini.

Oktoba 2023 ilirudia kosa la Aprili 2020 kwa kipimo kidogo. Tarehe 27 Oktoba fahirisi ilifunga 4,117.37, uwiano ukiwa chini ya 20, na Novemba iliyofuata fahirisi ikapanda karibu asilimia 9.

Mwaka huo huo wa 2023 ulileta tatizo la aina nyingine, na aliyeligundua ni mke wangu, ambaye kazi yake ni uhasibu na hana subira na chati. Alisoma kanuni, akatazama orodha ya kampuni kubwa za mfuko, akaniuliza: "Mbona unazipigisha kura kampuni mia tano, kila moja na kura yake, halafu unanunua mfuko ambao kampuni saba ndizo zenye sauti?" Sikuwa na jibu. Uwiano humhesabu mdogo sawa na mkubwa, ilhali SPY hugawa fedha kwa kufuata thamani ya kampuni sokoni. Mwezi Mei 2023, chini ya nusu ya kampuni zilikuwa juu ya wastani wao, lakini Nvidia, Microsoft, Apple na wenzao waliendelea kuipandisha fahirisi. Mwaka ulipokwisha, fahirisi ilikuwa imepanda takriban asilimia 24, na fahirisi ile ile ikipewa uzito sawa kwa kila kampuni ilikuwa imepanda takriban nusu ya hapo. Kanuni haikudanganya kuhusu kampuni nyingi; iliniambia ukweli kuhusu kitu nisichokuwa nakimiliki.

Njia moja ya kuondoa pengo hilo ni kununua RSP, mfuko unaozipa kampuni zote uzito sawa, ili kinachopimwa na kinachomilikiwa kiwe kimoja. Nasita, kwa sababu nitakuwa nimebadilisha uwekezaji wangu mzima ili kuiridhisha kanuni, badala ya kanuni kuutumikia uwekezaji.

Marekebisho mengine ninayoyafikiria ni matatu, na kila moja lina gharama. Kwanza, kuweka sakafu: hata uwiano ukiwa sifuri, sehemu ya sokoni isishuke chini ya 0.40. Hili lingenibakiza kwenye Aprili 2020 na Novemba 2023, lakini pia lingenifanya nibebe sehemu kubwa zaidi ya anguko la Machi. Pili, kutazama mwelekeo pamoja na kiwango: uwiano ukishuka chini ya 10 kisha ukapanda tena juu ya 30, nirudi sokoni kwa nguvu zaidi kuliko mstari wa sasa unavyoamuru. Hoja ya kufanya hivyo ni kwamba usomaji wa chini kabisa una maana mbili zinazopingana, kwamba soko ni bovu na kwamba wauzaji wanakaribia kwisha, na mstari wangu ulionyooka unaisikia maana ya kwanza tu. Hofu yangu ni kwamba nimezichagua namba 10 na 30 baada ya kuona yaliyotokea, na mara hizo ni chache mno kuthibitisha chochote.

Tatu, kupunguza kuyumba. Kampuni nyingi zikiwa zimekaa karibu kabisa na wastani wao, siku mbili za soko zinaweza kusogeza uwiano pointi 15 bila lolote la maana kutokea, nami nikajikuta nauza na kununua kama kwenye ule mfano wa dola 20,000. Gharama ya kununua na kuuza SPY ni ndogo sana, lakini kodi si ndogo. Faida ya hisa zilizoshikwa mwaka mmoja au chini ya hapo hutozwa kama mshahara. Nikiuza kwa hasara na kununua tena mfuko ule ule ndani ya siku 30, hasara hiyo siruhusiwi kuidai kwa wakati huo. Huongezwa kwenye gharama ya hisa mpya. Kanuni ya kila wiki hunasa kwenye sharti hilo mara kwa mara. Naweza kutumia wastani wa uwiano wa siku 10 badala ya usomaji wa siku moja, au nisifanye lolote hadi sehemu inayotakiwa itofautiane na niliyo nayo kwa zaidi ya 0.25. Naipendelea hii ya pili, kwa sababu ya kwanza inaongeza ucheleweshaji juu ya kipimo ambacho tayari kimechelewa.

Niongeze jambo moja kwa wanaotaka kujaribu kukokotoa wenyewe: msitumie orodha ya kampuni za leo kupima miaka ya nyuma. Orodha hiyo haina First Republic wala kampuni mama ya Silicon Valley Bank, zilizokuwamo hadi zilipoanguka mwaka 2023, na inaiweka Tesla kwenye fahirisi miaka mingi kabla ya Desemba 2020 ilipoingia kweli. Matokeo hutoka mazuri kuliko yanavyostahili.

Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam aliniuliza kama kanuni hii inafaa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Nilimjibu kwamba haifai. Kampuni zilizoorodheshwa ni chache, na hisa kadhaa hukaa muda mrefu kwa bei ile ile kwa kukosa biashara. Hisa isiyosogea kwa siku 50 ina wastani ulio sawa na bei yake, kwa hiyo itahesabiwa kuwa haiko juu, na uwiano utashuka kana kwamba kuna anguko.

Maswali yangu basi ni haya. Kwa mtu mwenye fedha ambazo hatazihitaji kwa angalau miaka kumi, je, ni busara uwiano huu uendeshe sehemu yote ya hisa, au uendeshe labda theluthi moja tu, na zinazobaki zikae sokoni siku zote? Je, kuna mwenzetu aliyejaribu kuuchanganya na wastani wa siku 200 wa fahirisi yenyewe, ili usomaji wa juu kama ule wa Agosti 2022 usikubaliwe iwapo fahirisi bado iko chini ya wastani huo? Na mwenye kuhamia mfuko wa uzito sawa kwa sababu kama yangu, aliona kanuni inafanya kazi vizuri zaidi, au alihamisha tatizo tu?

Wenu,
Msomaji, Minnesota