Kwa akina bibi wenzangu mnaokaa na wazazi Newala: mtazameni mtoto kitovu

Akina bibi wenzangu, salaam.

Nawaandikia ninyi mnaoitwa binti akijifungua, mkakaa naye ndani siku arobaini, mkamkanda na kumwogesha mtoto. Mzazi mwenyewe bado amechoka, na baba hata kumbeba mtoto anaogopa. Anayefungua nepi asubuhi na kukiona kitovu ni wewe.

Kitovu kizima hukauka, hunywea na kuwa cheusi, kisha hudondoka, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Kikikaribia kudondoka, shina lake hulowa kidogo, pengine kwa ute wa njano unaonata au tone la damu kwenye nepi. Hilo lisikutie hofu ikiwa ngozi inayokizunguka ni laini, joto lake ni sawa na la tumbo lote, na mtoto ananyonya kama kawaida yake.

Kwa hiyo macho yako yasiishie kwenye kitovu, yatazame ngozi. Ikianza kuwa nyekundu, ikavimba na kuwa ngumu, huo ni ugonjwa. Kwa mtoto ambaye rangi yake imeshakolea, wekundu huwa haujitangazi: ngozi huwa kama zambarau au nyeusi zaidi, inang'aa, na ukiigusa kwa mgongo wa kidole ina moto. Usaha nao hauna haja ya kubishaniwa. Ni mzito, hunuka, na ukiufuta unarudi.

Haya nayasema kwa kuwa nilikosea nyumbani kwangu. Ulikuwa msimu wa korosho, watu wote shambani, mimi nimebaki na mzazi na mjukuu. Kitovu nilikipaka majivu yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, kama mama yangu alivyotupaka sisi. Siku ya sita asubuhi nikaona duara jekundu kwenye shina, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Nikasema kinataka kudondoka hiki. Jioni duara lilikuwa limefika upana wa vidole viwili, na mtoto alikuwa amepitisha nyakati mbili za kunyonya akiwa amelala. Nilimsifu kwa utulivu! Kumbe mtoto amelegea.

Zahanati walimkuta na joto la 38.2. Nesi alimchoma sindano mbili za pajani kabla hata gari la kumpeleka hospitali halijapatikana, na huko mtoto alikaa siku kumi. Nesi huyo ndiye aliyenieleza kuwa mishipa iliyokuwa ikipitisha damu baina ya mama na mtoto haizibi siku ileile ya kuzaliwa. Wadudu wakiingia kitovuni wanapata njia ya kufika kwenye ini na damu. Majivu, mate, mavi ya ng'ombe na dawa ya meno ndivyo vinavyowabeba, na vingine huleta hata pepopunda.

Ningekwenda asubuhi ile, duara likiwa jembamba na mtoto bado ananyonya, huenda angepewa amoksilini ya kunywa kwa siku tano tukarudi naye nyumbani. Ukipewa hiyo, mrudishe baada ya siku mbili akatazamwe, hata kama unaona anaendelea vizuri. Na mwombe nesi achore mstari wa kalamu ukingoni mwa wekundu. Wekundu ukiuvuka mstari, ondoka saa hiyohiyo, usisubiri kuche.

Mtoto akikataa ziwa, akilegea, akipata degedege, au akihema mara 60 na zaidi kwa dakika, ni hospitali, iwe usiku au mchana. Joto la 37.5 na kuendelea ni hatari. Lakini mchanga anayeumwa sana anaweza pia kupoa, akashuka chini ya 35.5, kwa hiyo msiseme "hana homa" mkatulia. Degedege la mtoto wa siku sita msilipeleke kwa mganga. Njiani mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, amfunike kwa kanga, na akiweza kunyonya anyonye.

Maji ya kwetu huku juu tunajua yalivyo ya shida, ila kata moja na sabuni vinatosha kunawa kabla ya kumgusa. Nepi ikunje chini ya kitovu mkojo usikifikie, na kitovu usikipake chochote ila dawa uliyopewa kliniki. Ukiwa umepewa dawa ya klorheksidini, ni ya kitovuni tu. Iweke mbali na dawa ya macho, maana ikiingia jichoni inaliumiza vibaya.

Na ukifika zahanati usikae kwenye benchi ukingoja zamu kwa heshima ya uzee. Nenda moja kwa moja kwa nesi, umwambie: "Mtoto ana siku sita, kitovu kina usaha, wekundu umeanza asubuhi, tangu mchana hajanyonya."